Sparta ilivyofuga askari ikaishiwa raia

Mwaka 399 KK au karibu na hapo, kijana mmoja wa Sparta aliyeitwa Kinadoni alimchukua mwenzake hadi pembezoni mwa soko la mji, akamwambia ahesabu watu. Alitaka ahesabu Wasparta wenyewe, yaani raia kamili, na kuwaacha wengine. Mwenzake akamhesabu mfalme, maefori watano ambao ndio waliosimamia serikali kwa mwaka mmoja mmoja, wazee wa baraza, na wengine kama 40 hivi. Waliobaki pale sokoni walizidi 4,000. Kinadoni akamwambia awaone wale wachache kuwa maadui na wale wengi kuwa wenzao. Alipoulizwa silaha zingetoka wapi, alimpeleka walipouzia vyuma, akamwonyesha visu, panga, shoka na mundu zilizopangwa zikingoja mnunuzi.

Yule mwenzake alikwenda moja kwa moja kwa maefori. Kinadoni alikamatwa, akaulizwa kwa nini alipanga njama, akajibu kwamba hakutaka kuwa chini ya mtu yeyote katika nchi yake. Alifungwa shingo na mikono, akazungushwa mjini akipigwa mijeledi pamoja na wenzake. Kisa hiki kimeandikwa na Ksenofoni, mtu aliyeipenda Sparta na kuwa rafiki wa mfalme wake Agesilao, kwa hiyo hakiwezi kuitwa porojo za adui.

Wapo hadi leo wanaoitaja Sparta kila panapozungumzwa nidhamu ya vijana. Wangefaa kuanzia hapo sokoni. Mji uliowachukua wavulana wote wa raia wake tangu utotoni na kuwafanya askari ulifikaje kuwa na raia wachache kiasi cha kuhesabika kwa macho siku ya soko?

Mtoto wa kiume alitolewa kwa mama yake akiwa na miaka 7, akaingizwa katika kundi la rika lake chini ya msimamizi wa serikali. Alifundishwa kusoma kidogo, kuimba, kucheza ngoma za vita, na zaidi ya yote kuvumilia. Kufikia miaka 12 alikwenda peku, na vazi lake lilikuwa moja tu kwa mwaka mzima, masika na kipupwe. Alilalia matete aliyoyakata kwa mikono mitupu kando ya mto Eurota. Chakula kilipunguzwa makusudi ili ajifunze kuiba, na akikamatwa alichapwa kwa kosa la kukamatwa. Alipofika miaka 20 aliingia jeshini, lakini aliendelea kulala na wenzake hadi miaka 30. Kama alikwisha kuoa, yeye ndiye aliyemwendea mke wake usiku kwa kificho.

Gharama ya kwanza ya malezi hayo ilikuwa kwamba mtu aliyelelewa hivyo hakuwa na kazi nyingine. Raia wa Sparta alikatazwa biashara na ufundi. Kwa mujibu wa Plutarko, hata fedha ya nchi ilikuwa vipande vizito vya chuma ambavyo hakuna mji jirani uliovikubali, na wageni walikuwa wakifukuzwa nchini mara kwa mara. Kununua, kuuza, kushona viatu na kufua vyuma kuliachiwa watu wa miji ya pembezoni, waliokuwa huru lakini wasio na kura. Kulima kuliachiwa Waheloti, wenyeji wa Lakonia na Messenia waliogeuzwa kuwa watumwa wa mashamba katika ardhi ya baba zao.

Waheloti walikuwa wengi kuliko mabwana zao, na hofu ya uasi wao ndiyo iliyofanya jeshi lisipumzike. Aristoteli aliandika kwamba kila mwaka maefori walipoingia madarakani waliwatangazia Waheloti vita rasmi, ili kumuua Mheloti kusihesabike kuwa dhambi. Vijana waliofuzu walitumwa mashambani na majambia, wajifiche mchana na kuua usiku. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikiwangoja wale watoto waliosifiwa kwa uvumilivu.

Lakini kilichowamaliza Wasparta kilikuwa kwenye sufuria. Kila raia alipaswa kuwa mwanachama wa meza moja ya chakula cha pamoja, na kila mwezi alipeleka mchango wake: zaidi ya madebe mawili ya unga wa shayiri, zaidi ya lita 20 za mvinyo, jibini kilo mbili hivi, tini kilo moja hivi na pesa kidogo za kitoweo. Aliyeshindwa kutoa alipoteza uraia, hata kama alivumilia mafunzo yote na kupigana vizuri.

Mfikirie baba mwenye shamba la kutosha mchango mmoja na kidogo cha nyumbani. Akizaa wana watatu, shamba linagawanywa mara tatu, na huenda hakuna hata mmoja atakayeweza kulipa. Katika mji mwingine, mmoja angefungua duka, mwingine angepanda merikebu, wa tatu angejifunza ufundi. Sparta ilikuwa imefunga milango hiyo yote. Mwenye akili alizaa mtoto mmoja, au alitafuta mke mwenye urithi. Ardhi ikakusanyika katika mikono michache, na Aristoteli anasema karibu sehemu mbili kwa tano za nchi zilifika kuwa mali ya wanawake kupitia urithi na mahari. Serikali iliona hatari, ikamwondolea baba wa wana watatu utumishi wa jeshi na baba wa wanne kodi zote. Aristoteli aliicheka sheria hiyo, kwa kuwa wana wengi juu ya shamba lile lile ni maskini wengi tu.

Hesabu zinasema zenyewe. Herodoto anawataja Wasparta 8,000 wakati wa vita na Waajemi mwaka 480 KK. Mwaka 371 KK, jeshi la Sparta lilipokutana na Wathebe pale Leuktra, raia kamili uwanjani walikuwa kama 700 tu. Waliobaki katika safu walikuwa washirika na watu wa miji ya pembezoni. Mfalme Kleombroto aliuawa, na pamoja naye Wasparta 400 hivi, kwa mchana mmoja. Athene ilikwisha kupoteza watu wengi zaidi ya hao na kusimama tena. Sparta haikuwa na mahali pa kuwatoa wengine, kwa sababu ilikuwa nadra mtu wa nje kupewa uraia na waliopoteza uraia kwa kawaida hawakurudishiwa.

Mwaka mmoja na nusu hivi baadaye Epaminonda wa Thebe aliingia Lakonia, na kufikia 369 KK Waheloti wa Messenia walikuwa huru wakijenga mji wao wenyewe. Mashamba bora yakaenda nao, na michango ya sufuria ikawa migumu zaidi kuliko hapo mwanzo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, kijana Mfalme Agi wa Nne alikuta Wasparta wasiozidi 700, ambao labda 100 tu ndio waliokuwa na ardhi. Alipojaribu kufuta madeni na kugawa mashamba upya, wenye mali walimuua, mwaka 241 KK.

Desturi za malezi zilibaki kwa namna yake. Chini ya utawala wa Waroma, wavulana wa Sparta waliendelea kuchapwa mbele ya madhabahu ya Artemi Orthia, na Plutarko anasema aliona wengi wakifa kwa fimbo hizo. Katika karne ya 3 BK palijengwa viti vya mawe kuzunguka madhabahu, ili wageni, wale ambao Sparta ya zamani iliwafukuza, wapate kukaa na kutazama.