PDF Isiyofunguka: Kosa Ni Letu Sisi Waandika Programu

Wiki jana jirani yangu alinijia na flashi mkononi na hasira usoni. Alikuwa ameambatisha taarifa ya karo ya mwanawe kwenye ombi la basari, na ofisi ikamjibu kwamba faili haifunguki. Zilibaki siku mbili ombi lifungwe. "Kompyuta za saiba zina virusi," akalalamika.

Nilitazama ukubwa kwanza: kilobaiti 3. Taarifa ya muhula uliopita, kutoka mfumo uleule, ilikuwa kilobaiti 140. Lakini faili iliyokatika njiani nayo huwa ndogo, kwa hiyo nikachungulia herufi zake za mwanzo:

```
head -c 15 karo.pdf
<!DOCTYPE html>
```

PDF halisi huanza kwa `%PDF-` na namba ya toleo. Hii ilikuwa ukurasa wa wavuti uliovishwa jina la PDF. Kama unatumia Windows, ifungue kwa Notepad utaona vivyo hivyo. Tukasoma chini kidogo: "Muda wako umekwisha. Tafadhali ingia tena."

Hapo mama akakumbuka. Aliingia kwenye mfumo, akaenda nyumbani kutafuta namba ya mwanafunzi, akarudi na kubofya "Pakua". Muda wake ulikuwa umepita, seva ikamtumia ukurasa wa kuingia. Basi mbona brauza ikauhifadhi kama PDF? Nilijaribu mwenyewe nikaona seva ilivyojibu:

```
HTTP/1.1 200 OK
Content-Type: application/pdf
Content-Disposition: attachment; filename="karo.pdf"
```

Yaani seva imesema mambo ni sawa, hii ni PDF, ihifadhi kwa jina hili. Brauza imetii tu. Mama wa watu angejuaje?

Ndiyo maana nasema kosa ni letu. Aliyeandika mfumo huo alituma vichwa hivyo kwanza, kisha ndipo akakagua kama mtu bado yumo ndani. Ageuze mpangilio. Akague kwanza, muda ukiwa umekwisha, ampeleke mtu kwenye ukurasa wa kuingia, auone kwa macho yake. Kisha atengeneze PDF nzima, na ikishindikana ajibu `500`. Vichwa vya PDF vitumwe mwisho, PDF ikiwa tayari. Hiyo ni kazi ya kuhamisha mistari michache, wala si ya kuandika mfumo upya.

Nawe msomaji, kupakua tena na tena hakusaidii kama muda wako umekwisha, maana utaletewa ukurasa uleule. Toka, ingia upya, pakua, kisha fungua faili kabla ya kuituma.

Mama alifanya hivyo, akapata kilobaiti 142, akatuma jioni ileile. Saiba haikuwa na kosa lolote.