Nani Aliamua, na Lini?

Darasa la biashara likipewa kisa cha M-Pesa kukichambua, kazi nyingi hurudi na vichwa vilevile vinne: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Chini ya nguvu utakuta mawakala kila kona na jina linaloaminika. Ni kweli kwa leo, lakini jaribio lilipoanza Kenya mwaka 2005 mawakala hao hawakuwepo. Mwanafunzi ameorodhesha matokeo akidhani anaeleza sababu. Kwa hiyo nashikilia kwamba kiolezo cha uchambuzi, kwa wanaosomea biashara Majengo, Songea, au popote pengine, kianze kwa kuuliza nani aliamua nini, na lini.

Tukikigeuza kisa hicho, chini ya “Mwamuzi na wakati” tutaandika Safaricom na mshirika wake Vodafone, baada ya jaribio na kabla ya uzinduzi wa Machi 2007. Chini ya “Swali” tutauliza: huduma ibaki ya kurejesha mikopo midogo, kama ilivyobuniwa, au ibadilishwe? “Ushahidi wa wakati huo” ndio unaohitaji nafasi kubwa. Faulu Kenya, taasisi ya mikopo iliyoshiriki, ilipata shida kuoanisha malipo ya simu na vitabu vyake, huku wateja wakianza kutumiana fedha wao kwa wao. Hapo “Njia mbadala” zinajitokeza zenyewe: kurekebisha mfumo wa mikopo, kuacha kabisa, au kuuza utumaji wa fedha. Mafanikio yana kichwa chake cha mwisho, “Kilichofuata”, na hayaruhusiwi kupanda juu kuwa ushahidi.

Wapo walimu wanaosema vichwa maalumu huua fikra, mwanafunzi akabaki kujaza nafasi. Hoja yao ina uzito, na dalili yake ni rahisi kuiona: badilisha jina la kampuni, na kama sentensi bado inasimama, hakuna kilichochambuliwa. Lakini ugonjwa huo hutoka kwenye vichwa vinavyopokea chochote. Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mwanzoni ilienea polepole kuliko Kenya. Orodha ya nguvu haiwezi kueleza tofauti hiyo, kwa kuwa huduma ni ileile. Kinachoulizwa ni kila mwamuzi alikuwa na soko gani mkononi siku ile.

Kiolezo hiki kina mpaka: kisa kinachosimulia tu historia ya kampuni, bila uamuzi, hakikifai. Kinamfaa, hata hivyo, anayenunua mahindi Majengo wakati wa mavuno na kujiuliza auze sasa au ahifadhi. Ushahidi wake ni bei ya wiki hiyo, unyevu wa punje, kodi ya ghala na riba ya mkopo. Bei itakayopatikana Januari iandikwe Januari, chini ya “Kilichofuata”.