Picha za Maswali ya KCSE Zitumike kwa Njia Halali

Msimu wa mtihani wa KCSE ukibisha hodi, maneno “picha ya swali” huwatia walimu wengi wasiwasi, na wana sababu. Picha zinazouzwa usiku katika mitandao ya kijamii, zikidaiwa kuwa karatasi za kesho, zimewapotezea watahiniwa fedha na usingizi, na aghalabu huwa karatasi za zamani zilizobadilishwa mwaka. Hata hivyo, nashikilia kwamba picha ya swali la zamani, lililokwisha kutahiniwa na kusahihishwa, ni chombo kizuri cha kudurusu katika juma la mwisho, mradi itumiwe kwa mpango. Nitaueleza mpango huo kwa kutumia karatasi ya pili ya Kiswahili, yaani 102/2, ambayo inaingia moja kwa moja katika taaluma yangu.

Karatasi hiyo ina alama 80 na hufanywa kwa saa mbili na nusu. Ufahamu una alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Nusu nzima ya alama, basi, imo katika vijiswali vidogo vidogo vya sarufi. Mwanafunzi anayedurusu kwa kuifanya karatasi ya mwaka mmoja, kisha ya mwaka mwingine, hukutana na usemi wa taarifa mara moja, akakosea, akapita, asikutane nao tena hadi siku mbili baadaye. Kosa lake halipati nafasi ya kujionyesha. Faida ya picha ni kwamba inakitenga kijiswali na karatasi yake, tukaweza kukiweka pamoja na ndugu zake.

Siku ya Jumatatu iwe ya kupiga picha na kupanga. Kwa kuwa shule zetu nyingi haziwaruhusu wanafunzi kuwa na simu, kazi hii ni ya mwalimu, naye atazichapisha picha hizo au azinakili ubaoni. Mwanafunzi wa kutwa aweza kutumia simu ya mzazi jioni. Zichukuliwe karatasi tano, na ya sita iwekwe kando bila kuguswa. Kila picha iwe na swali moja, na kando yake kiwekwe kikaratasi chenye mwaka, nambari ya swali na alama zake. Karatasi ilazwe juu ya meza karibu na dirisha, kwani kivuli cha mkono huficha mistari iliyopigiwa maneno, na swali linalosema “eleza matumizi ya neno lililopigiwa mstari” halina maana mstari usipoonekana. Kisha picha zipangwe kwa aina ya swali: mofimu na mnyambuliko pamoja, ngeli pamoja, uchanganuzi wa sentensi pamoja, usemi pamoja, na kadhalika.

Mwongozo wa kusahihisha nao upigwe picha, lakini uwekwe mahali pengine. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Jibu likiwa chini ya swali, jicho hulisoma kabla ya akili kulitafuta, na mwanafunzi akasema “hili nalijua”, ilhali amelitambua tu. Mtihani haumtaki alitambue jibu, bali alitunge.

Jumanne na Jumatano ni siku za matumizi ya lugha. Mwanafunzi achukue kundi moja, ajibu maswali yake yote matano kwa kalamu, ndipo afungue mwongozo. Nitatoa mfano nilioutunga mwenyewe kwa mtindo wa mtihani: Andika katika usemi wa taarifa: “Nitakuja hapa kesho kuwatazama wanangu,” mama alisema.

Jibu ni: Mama alisema kwamba angeenda pale siku iliyofuata kuwatazama wanawe. Alama za swali kama hili aghalabu hugawanywa nusu nusu kwa kila badiliko, kwa hiyo mwanafunzi ayahesabu mabadiliko yake. Alama za usemi zimeondoka na “kwamba” ikaingia; “nitakuja” imekuwa “angeenda”; “hapa” imekuwa “pale”; “kesho” imekuwa “siku iliyofuata”; “wanangu” imekuwa “wanawe”.

Mwanafunzi mmoja niliyemfuatilia aliandika: “Mama alisema kwamba angekuja hapa siku iliyofuata kuwatazama wanawe.” Swali hilo moja lingeonyesha bahati mbaya tu. Majibu yake matano yalipowekwa pamoja, ilidhihirika kwamba wakati na nafsi alivigeuza vyema kila mara, ila maneno ya mahali aliyaacha kila mara. Hakuhitaji kurudia somo zima la usemi. Alihitaji kuelewa jambo moja, kwamba mabadiliko yote matano yana chanzo kimoja: anayeripoti hasimami tena aliposimama msemaji, wala si siku ile, wala si mtu yule. “Hapa” ya mama si “hapa” ya anayeripoti. Akishalielewa hilo, hana haja ya kukariri jedwali la “leo” na “jana”.

Alhamisi ni ya ufahamu na ufupisho. Picha za sehemu hizi lazima zibebe kifungu kizima, kwani aya iliyokatwa hupotosha jibu. Katika ufupisho, mwanafunzi atoe hoja kwanza katika matayarisho, kisha aziunganishe na kuhesabu maneno. Kinachozidi idadi iliyotajwa humpotezea alama. Ijumaa ni ya isimujamii. Wengi hutaja sajili kwa usahihi, kisha wakaorodhesha sifa zake walizozikariri, bila kuzitolea ushahidi katika mazungumzo waliyopewa. Kila sifa iandamane na neno lililotoka kwenye picha.

Jumamosi ndipo ile karatasi ya sita inapotolewa, ifanywe nzima kwa saa mbili na nusu. Dakika 150 kwa alama 80 ni karibu dakika mbili kwa alama, yaani dakika 28 hivi kwa ufahamu, 28 kwa ufupisho, 75 kwa matumizi ya lugha na 19 kwa isimujamii. Anayeona saa moja imekwisha akiwa bado katika ufupisho amekwisha kujua palipo na tatizo. Jumapili arudie maswali aliyoyakosa tu, kisha apumzike.

Mpango huu una mipaka. Haumfundishi mtu asichowahi kufunzwa. Asiyejua kishazi ni nini hatakijua kwa kupiga picha. Haufai vivyo hivyo kwa karatasi ya tatu, kwa kuwa vitabu teule hubadilishwa: swali la Kigogo halimsaidii sana anayetahiniwa kwa Bembea ya Maisha. Na miongozo inayouzwa madukani ina makosa. Miongozo miwili ikipingana, mwalimu arejee kamusi na ripoti za Baraza la Mitihani kuhusu matokeo ya KCSE, ambazo huonyesha watahiniwa walikosea wapi.

Kwa hivyo nawaomba walimu wasiifukuze picha ya swali darasani kwa sababu ya matapeli. Mtahiniwa aliyeona makosa yake matano yakifanana hana haja ya kununua karatasi ya kesho, kwa maana tayari anajua ni swali gani litakalomwangusha, na bado ana siku za kulirekebisha.