Nilikubali tarehe 31. Nani aliigeuza kuwa tarehe 2?

Vijana wenzangu, wengi wetu tuko na abonema moja inayokata makuta yenyewe ku karte kila mwezi. Yangu ni ya dola 5. Nilianza tarehe 31 mwezi wa kwanza 2025, kwa sababu mushahara wangu unaingia tarehe 30.

Mwezi wa pili hauna 31, basi walikata tarehe 28. Hapo hakuna kosa. Kosa lilikuja mwezi wa tatu: mashini ilipaswa kurudi 31, lakini ikajaribu tena tarehe 28. Mbona? Kwa sababu ilihesabu mwezi moja tangu malipo ya mwisho, haikuangalia siku niliyoanza. Mwezi wa pili ulikuwa umeisha, lakini alama yake ilibaki.

Tarehe 28 hiyo karte ilikuwa mutupu, malipo yakakataliwa. Wakajaribu tena tarehe 2 mwezi wa ine, wakafaulu. Tangu pale siku yangu ikakuwa tarehe 2, bila hata mesaje moja. Mwezi uliofuata, tarehe 1 nililipa nyumba. Kesho yake, karte ikakataliwa tena. Kumbe dola 5 zilitafutwa siku ambayo mimi sikuzichunga.

Watu wataniambia: «Ni wewe ulichelewa kulipa.» Sawa, tuongee kwa haki. Kama toka 28 mpaka 2 walinifungia, kusogeza tarehe ni sawa, maana sitalipa siku ambazo sikutumia. Lakini kama waliacha niendelee kutumia, zile siku zitahesabiwa ndani ya mwezi niliolipa, na tarehe inapaswa kubaki pale pale. Mimi hawakunifungia. Basi walisogeza kwa sababu gani?

Dawa si kubwa. Siku ya kwanza, 31, iandikwe pembeni na isiguswe. Kila mwezi hesabu ianzie pale: 28 mwezi wa pili, 31 mwezi wa tatu, 30 mwezi wa ine, 31 mwezi wa tano. Na malipo yakikataliwa, mesaje iseme mambo mawili: watajaribu tena siku gani, na mwezi ujao watakata siku gani.

Wewe nawe, ingia ndani ya konti yako, tafuta tarehe ya malipo yanayokuja. Iangalie zaidi mwezi wa tatu, na kila mara malipo yanapokataliwa. Kama bado unaanza, chagua siku kati ya 1 na 28, maana hizo ziko ndani ya kila mwezi. Lakini hiyo ni kujikinga tu. Tarehe ni sehemu ya mapatano kama vile bei: anayeigeuza aseme kwanza.