Kidonge cha dharura: famasi za Kikula ziulize maswali matatu kabla ya kupokea franka

Hapa Kikula kidonge cha kuzuia mimba ya ghafula kinauzwa kama vile kinauzwa parasetamoli. Mtu anafika, anasema kwa sauti ya chini kile anachotafuta, muuzaji anakifunga katika karatasi, franka zinapita juu ya kaunta na kila mmoja anageuza uso. Kwa wateja wengi hiyo inatosha. Lakini kuna wateja ambao kidonge kimoja hakiwatoshi, nao wanaenda nyumbani na moyo mweupe wakiamini wamelindwa.

Ninaandika haya kwa sababu ya dada mmoja wa mtaa wetu, ambaye jina lake sitalitaja. Siku ya Jumamosi, saa tatu ya usiku, kondomu ilipasuka. Jumapili famasi ya karibu ilikuwa imefungwa. Jumatatu saa mbili ya asubuhi alinunua kidonge kimoja cha levonojestreli ya miligramu 1.5, akakimeza palepale na maji ya kichupa. Hesabu ya masaa ni 35, yaani alikuwa ndani ya muda. Ana kilo 58 tu. Hakutapika. Wiki sita baadaye alijua kwamba ana mimba.

Jambo ambalo hakuna mtu alimuuliza, na yeye mwenyewe hakufikiri kulisema, ni kwamba alikuwa katika mwezi wa nne wa matibabu ya kifua kikuu, ile tunaita tebese. Mume wake amechimba miaka mingi katika mashimo ya upande wa Kambove, na ugonjwa uliingia nyumbani. Kila asubuhi dada huyu anameza vidonge vyenye rifampisini.

Kabla ya kusema rifampisini inafanya nini, tuelewane kwanza juu ya kidonge chenyewe, maana wengi wanafikiri kinatoa mimba. Hakitoi. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke zikingojea yai. Levonojestreli inalisimamisha yai kwa siku kadhaa, mbegu zinakufa, na mambo yanaisha. Lakini ikiwa mwili umekwisha kutoa amri ya yai kutoka, kidonge hakiwezi tena kuirudisha amri hiyo. Ndiyo maana kila saa ina uzito wake: ukingoja, si kidonge kinachozeeka, ni yai linalosogea. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kidonge kikimezwa ndani ya masaa 24, kinazuia mimba 95 kati ya 100 ambazo zingeingia. Siku ya pili ni 85. Siku ya tatu ni 58. Wachunguzi wa baadaye hawakuona mteremko mkali namna hiyo, lakini hakuna aliyesema kwamba kungojea ni vizuri. Basi mtu asingojee eti ale kwanza. Kinamezwa na chakula au bila chakula, na ukitapika kabla ya masaa 3 kupita, unameza kingine.

Sasa rifampisini. Dawa hii inaamsha ini. Ini lina wafanyakazi wake wanaovunja vitu vinavyopita katika damu, na rifampisini inaongeza idadi ya wafanyakazi hao. Levonojestreli ikifika, inavunjwa haraka, na kiasi kinachobaki katika damu kinashuka sana. Kidonge kimemezwa, lakini kinachofika kwenye kazi ni kama nusu kidonge. Mtu hawezi kusikia tofauti yoyote mwilini. Hakuna maumivu, hakuna dalili. Na ini halirudi katika hali yake siku ile ile unapomaliza matibabu: linahitaji karibu wiki 4. Kwa hiyo hata yule aliyemaliza tebese wiki mbili zilizopita bado yumo katika hesabu hii.

Dawa nyingine zinazofanya hivyo zipo katika nyumba zetu. Gardenali, yaani fenobarbitali, ambayo wagonjwa wengi wa kifafa wanameza. Tegretoli, yaani karbamazepini. Fenitoini. Kwa upande wa dawa za Sida, efavirenzi peke yake inashusha levonojestreli hadi karibu nusu. Wagonjwa wengi leo wamehamia TLD, yenye dolutegraviri, na hiyo haishushi. Lakini mwenye Sida aliyeshikwa pia na tebese anameza rifampisini pamoja na TLD, basi anarudi palepale. Amoksilini na parasetamoli hazina neno hapa, watu wasiogope bure.

Kwa anayemeza dawa hizo, au aliyezimeza ndani ya wiki 4 zilizopita, shauri lililotolewa na wakubwa wa dawa wa Ulaya mwaka 2016 ni mojawapo ya mambo mawili. La kwanza na lililo bora ni kitanzi cha shaba, ambacho mwuguzi aliyefundishwa anakiweka ndani ya siku 5. Shaba haipiti katika ini, kwa hiyo hakuna dawa inayoivunja. (Sisi watu wa Likasi tumeishi juu ya shaba miaka yote, na wachache kati yetu wanajua kwamba inafanya na kazi hii.) La pili, kama kitanzi hakipatikani au mama hakitaki, ni kuongeza levonojestreli mara mbili: miligramu 3 kwa mara moja.

Hapo kuna mtego, na nimeona watu wakiingia ndani yake. Hesabu miligramu, usihesabu vidonge. Kuna boksi zenye kidonge kimoja cha miligramu 1.5, na kuna nyingine zenye vidonge viwili vya miligramu 0.75. Boksi la pili ni kipimo kimoja cha kawaida tu kilichogawanywa. Mwenye kupewa hilo akaambiwa “umeze vyote viwili, ndiyo mara mbili” amepata kipimo cha kila mtu, hakuongezewa kitu. Miligramu 3 ni vidonge viwili vya 1.5, au vinne vya 0.75.

Dada yetu, basi, Jumatatu ile alipaswa kupewa vidonge viwili, si kimoja. Au alipaswa kuambiwa kwamba ana muda hadi Alhamisi saa tatu ya usiku kwenda kuwekewa kitanzi. Siwezi kuapa kwamba ni rifampisini iliyomwangusha. Huenda yai lilikwisha kuamriwa kutoka tangu Jumapili, na hapo hata vidonge viwili visingefaa. Lakini hakupewa nafasi aliyostahili, na hilo ndilo linaloniuma.

Jambo moja nililisikia kwa mama mwingine likanitisha kuliko yote: alisema yeye angeacha dawa za tebese siku mbili “ili kidonge kipite”. Hapana! Siku mbili hazitulizi ini, na kuruka dawa za tebese ni kuufundisha ugonjwa kushindana na dawa. Kidonge ndicho kinachoongezwa, tebese haiguswi.

Na uzito? Hapa watu wanachanganya. Mama wa kilo 84 anasikia habari ya “mara mbili” na anafikiri ni yake. Ni kweli kwamba kwa wanawake wazito levonojestreli inaonekana kuwa dhaifu. Washauri wa Uingereza wanaanza kuhesabu kutoka kilo 70. Ni kweli pia kwamba wataalamu walibishana. Novemba 2013 karatasi ya Norlevo huko Ulaya iliandikwa upya, ikisema kidonge kinapungua nguvu kutoka kilo 75 na hakifanyi kazi kupita kilo 80. Julai 2014 Shirika la Dawa la Ulaya likasema ushahidi hautoshi kumkataza mtu, na kwamba kila mwanamke anaweza kukimeza, awe na kilo ngapi. Kisha uchunguzi wa Amerika uliochapishwa mwaka 2022 uliwapa wanawake wanene miligramu 3 badala ya 1.5, na yai halikucheleweshwa zaidi. Washauri wengine bado wanaruhusu kuongeza pale ambapo hakuna kingine, lakini mimi nisingemwambia mama mzito alale usingizi kwa sababu amemeza viwili. Kwake kitanzi cha shaba ndicho hakijali mzani. Dawa nyingine, ulipristali ya miligramu 30, inasimama vizuri zaidi kwa mtu mzito na inakubalika hadi siku ya 5, kama unaipata. Tena angalia: ulipristali hiyohiyo haishauriwi kwa anayemeza rifampisini. Na kama hakuna kitu kingine ila levonojestreli, mama mzito aimeze, na aimeze mapema. Asifukuzwe na mtu kwa sababu ya kilo.

Muuzaji mmoja niliyezungumza naye alinijibu vizuri: “Mimi nikianza kuuliza, wasichana watakimbia.” Ana haki. Msichana aliyekuja na haya hataki hukumu. Lakini maswali ninayoyaomba hayaingii chumbani kwa mtu. Ni masaa mangapi yamepita? Una kilo ngapi, kwa kukadiria? Je, mwezi huu umemeza dawa za tebese, za kifafa au za Sida? Hakuna swali la nani, wapi, wala kwa nini. Na kama mdomo unaona haya, waandike kwenye karatasi, mteja aonyeshe kwa kidole. Kwa rifampisini kuna hata njia ya pembeni: “Mkojo wako ni wa rangi ya machungwa?” Dawa hiyo inapaka rangi mkojo, jasho na machozi, na kila anayeimeza anajua.

Lakini sitaki kumbebesha muuzaji peke yake. Yule anayempa mwanamke dawa za tebese ndiye anamwona miezi 6. Siku ya kwanza anamwambia habari ya mkojo ili asishtuke. Dakika hiyohiyo angeongeza kwamba vidonge vya uzazi na kijiti cha mkononi vinadhoofishwa na dawa hii, kwamba sindano ya miezi 3 inasimama, na kwamba kidonge cha dharura ni miligramu 3. Katika zoni ya afya ya Kikula, kwenye nyumba nyingi za wachimbaji, hilo si jambo la watu wachache.

Dada yetu anaendelea na matibabu, kwa sababu dawa za tebese za kawaida zinaruhusiwa katika ujauzito, na mwuguzi amemhakikishia. Yule muuzaji nilimwandikia maswali matatu kwa kalamu nyekundu. Ameibandika karatasi juu ya mzani wake, ambao tangu Krismasi hauna betri.