Nusu mwaka inayoongeza thamani ya kampuni

Thamani ya kampuni inapanda tukipunguza fedha zake za baadaye kwa katikati ya mwaka badala ya mwisho wa mwaka. Sababu ni muda tu. Kampuni haipokei fedha zote tarehe 31 Desemba. Zinaingia mwaka mzima, kwa hiyo kwa wastani zinafika mwishoni mwa Juni.

Chukua shilingi milioni 100 za mwaka wa kwanza, kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 12. Ukigawa kwa 1.12 unapata milioni 89.3. Ukigawa kwa 1.12^0.5, yaani 1.0583, unapata milioni 94.5. Mwaka wa pili tumia 1.5, wa tatu 2.5, na kuendelea. Thamani ya fedha za kila mwaka inapanda kwa asilimia 5.8 ileile, na kiwango kikiwa kikubwa zaidi, ongezeko nalo linakua.

Wengi huteleza kwenye thamani ya mwisho. Ukiikadiria kwa fomula ya ukuaji wa kudumu katika makadirio ya miaka 5, tumia 4.5, kwa kuwa fedha za baadaye nazo zitaingia mwaka mzima. Ukiikadiria kwa kuzidisha faida, kana kwamba kampuni inauzwa mwisho wa mwaka wa 5, tumia 5 kamili, ukiweka 4.5 umeipandisha bei bure.

Na kampuni inayolipwa karibu yote Novemba na Desemba, baada ya mavuno, haistahili nyongeza hii.