Kitufe cha mwisho kitaje pesa

SAFU YA WIKI: SOKONI NA SIMU
Na Furaha Bahati

Mfanyabiashara wa Sange anayetafuta mali Bukavu si lazima tena aamke alfajiri kusubiri gari la kupitia Kamanyola. Anafungua ukurasa wa duka kwenye simu, anachagua taa ya sola, anaandika jina na namba, halafu anafika kwenye kitufe cha mwisho. Kimeandikwa Valider. Hapo kidole kinasita. Akibonyeza, pesa zinatoka papo hapo? Kiasi gani, na ni dola au franka? Au kuna ukurasa mwingine mbele? Wengi wanafunga simu na kumpigia mwenye duka, bei inakubaliwa kwa mdomo. Baadaye mwenye duka analalamika kwamba watu wa bonde la Ruzizi hawajazoea mtandao. Mimi naona wameuzoea kiasi cha kutosha kujua kwamba kitufe kisichosema kinafanya nini hakibonyezwi.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2009 mtaalamu wa Marekani, Jared Spool, alisimulia kisa cha duka kubwa la mtandaoni ambalo lilimtaka mteja ajiandikishe kabla ya kulipa. Fomu ilikuwa ndogo: barua pepe, neno la siri, na vitufe viwili, kimoja cha kuingia na kingine cha kujiandikisha. Waliondoa hicho cha kujiandikisha wakaweka cha kuendelea, pamoja na maelezo mafupi kwamba huhitaji akaunti ili kununua. Wanunuzi waliongezeka kwa asilimia 45, na kwa hesabu ya Spool mwaka wa kwanza duka lilipata dola milioni 300 zaidi. Wajenzi wa kurasa walikisikia kisa hicho, wakakibeba vibaya: siku hizi kila kitufe ni “Endelea”, hata kile kinachokata pesa. Katika kisa cha Spool mteja alikuwa bado mlangoni, na kuendelea hakukumgharimu chochote. Kwenye hatua ya kulipa, neno hilohilo ni mtego.

Ulaya wameliweka jambo hili katika sheria. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011, lililoanza kutumika 2014, linataka kitufe cha mwisho kiseme wazi kwamba anayekibonyeza anajifunga kulipa. Kisiposema, mnunuzi hafungwi. Aprili 2022 mahakama ya Umoja huo huko Luxemburg ilitoa hukumu katika kesi ya mteja wa hoteli ya Ujerumani. Alichagua vyumba vinne kwenye tovuti, akabonyeza kitufe chenye maana ya kukamilisha nafasi, kisha hakutokea. Hoteli ikamdai euro 2 240. Mahakama ilisema yanayopimwa ni maneno yaliyo juu ya kitufe chenyewe, si maelezo yaliyokizunguka, ikawaachia majaji wa Ujerumani kuamua kama maneno yale yalitosha. Hukumu hiyo inalingana na tabia ya mtu yeyote mwenye haraka: macho yanakimbilia kitufe na kuruka aya iliyo juu yake.

Sasa turudi Sange na taa yetu. Tuseme bei ni dola 20, usafiri dola 3, na duka linahesabu dola moja kwa franka 2 500. Jumla ni dola 23, yaani franka 57 500. Kitufe kiandikwe hivi: “Lipa FC 57 500”. Basi. Juu yake kuwe na mistari mitatu: taa, usafiri hadi Sange, na kiwango cha dola kilichotumika, maana kiwango ndicho chanzo cha ugomvi mwingi. Herufi “F” pekee haitoshi kwenye bonde linalopakana na Burundi, ambako franka ni pesa nyingine kabisa. Kuna pia hatari ya alama. Aliyesoma kwa Kifaransa anaposoma “1,500 $” anaona dola moja na nusu. Programu iliyotengenezwa kwa desturi ya Kiingereza inakusudia dola elfu moja na mia tano. Nafasi tupu kati ya tarakimu, 57 500, haimpotoshi yeyote.

Kwenye fomu nitagusa mambo mawili tu. Usiombe msimbo wa posta mahali ambapo hakuna anayeutumia. Omba kata na alama inayojulikana, kanisa, shule au soko. Na mfano wa namba ya simu ukae juu ya kisanduku, si ndani yake kwa maandishi hafifu. Ukiwa ndani, wengine hudhani kisanduku kimeshajazwa, na wengine wanausahau pindi wanapoanza kuandika kwa sababu umefutika. Mteja akiandika +243 au akianza na 0, programu ikubali yote mawili. Kompyuta inaweza kuisahihisha yenyewe. Haina haja ya kumgombeza mama anayeuza mchele.

Sehemu ngumu kuliko zote ni dakika moja baada ya kubonyeza. Duka linatuma ombi kwa mtandao wa pesa za simu, na dirisha linatokea kwenye simu ya mnunuzi likidai namba ya siri. Mara nyingi dirisha hilo linaonyesha jina la kampuni inayopitisha malipo, si jina la duka. Mnunuzi anaona jina geni, anakataa, na ana haki. Dawa ni ukurasa wa duka kumtayarisha mapema: “Utaona ombi la FC 57 500 lenye jina fulani. Ndilo letu. Weka namba ya siri kwenye dirisha hilo tu.” Wakati huo kitufe kizimwe, kisibonyezeke mara ya pili.

Kisha mtandao unakatika, na hapa maduka mengi hukosea kwa kuwa na majibu mawili tu, “Imefaulu” na “Imeshindwa”. Lipo jibu la tatu: duka halijui. Ombi lilitoka, jibu halikurudi, huenda pesa zimekatwa na huenda hazijakatwa. Ukimwambia mteja kwamba malipo yameshindwa, atalipa tena, na kesho mtakuwa mnagombania franka 57 500 za pili. Andika ukweli: “Bado hatujapata jibu la malipo yako. Usilipe tena. Tutakutumia ujumbe, na komande yako namba 418 imehifadhiwa.” Malipo yakishindwa kweli, sentensi ya kwanza iseme kwamba pesa hazijatoka. Sababu ifuate baadaye.

Ujumbe wa mwisho huja kwa SMS, nayo ina herufi 160. Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa herufi zake zote zimo katika orodha ya msingi ya mitandao ya simu. Kifaransa kina shida na ç ndogo, ambayo haimo. Neno “reçu” likiingia bila kubadilishwa, nafasi inashuka hadi herufi 70 na ujumbe unagawanyika vipande viwili. Huu hapa unatosha katika kimoja: “Umelipa FC 57 500, komande 418: taa 1 na usafiri. Itafika Sange Jumatano. Chukua parkingi, onyesha ujumbe huu.” Mtu wa parkingi anausoma, mteja anaufahamu, na ikitokea kesi ni ushahidi.

Wenye maduka wa Bukavu, kazi hii ni ya mchana mmoja kwa fundi wenu. Nawe mnunuzi, ukikuta kitufe cha kulipa kisichotaja kiasi wala aina ya pesa, usiweke namba ya siri. Mpigie mwenye duka, na umwambie sababu.